Viza ya mwenza: ushahidi gani humwonyesha afisa kwamba ndoa ni ya kweli?

Malalamiko ni yaleyale kila yanaposikika. Watu wameoana kihalali, wamepeleka cheti cha ndoa, picha za harusi tele na mamia ya kurasa za meseji, halafu barua inarudi ikisema afisa hakuridhika kwamba ndoa yao ni ya kweli. Wanaumia, na wana haki ya kuumia. Ndugu na marafiki nao wanaanza kueneza maelezo yao: kwamba picha zilikuwa chache, kwamba ilipaswa kufunguliwa akaunti ya pamoja, kwamba maafisa hawataki ndoa za mtandaoni. Mengi ya maelezo hayo hayagusi kilichotokea.

Mkanganyiko unaanzia kwenye maswali mawili ambayo watu huyachukulia kuwa moja. La kwanza ni kama ndoa ni halali, yaani ilifungwa kwa mujibu wa sheria za mahali ilipofungwa. Hilo cheti kinalijibu. La pili ni kama ndoa ni ya kweli, yaani kama watu hawa wawili wanaishi, au wanakusudia kuishi, kama mume na mke, na hawakuoana kwa ajili ya karatasi tu. Hili cheti hakiwezi kulijibu, kwa sababu hata waliooana kwa ujanja wanacho cheti halali. Ndiyo maana afisa akishakiona cheti hukiweka kando na kuanza kazi yake.

Sheria za nchi mbalimbali zinalisema jambo hili kwa namna tofauti. Uingereza, katika kanuni zinazojulikana kama Appendix FM, inataka uhusiano uwe wa kweli na bado uendelee, wahusika wawe wameshaonana ana kwa ana, na wawe na nia ya kuishi pamoja moja kwa moja. Marekani huangalia zaidi nia yao siku walipooana: je, walikusudia kujenga maisha pamoja? Kanada ina masharti mawili katika kifungu cha 4 cha kanuni zake za uhamiaji, na ukianguka katika moja umeanguka: ndoa isiwe imefungwa hasa kwa ajili ya kupata hadhi ya uhamiaji, na iwe ya kweli. Australia inataka uhusiano uangaliwe kwa pande nne, yaani fedha, nyumba, jamii inayowazunguka na uzito wa ahadi yenu ninyi kwa ninyi.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa waombaji, lakini kipimo si kile cha kesi za jinai. Hamtakiwi kuondoa kila shaka. Nchini Uingereza, kwa mfano, mnatakiwa kuonyesha kwamba uwezekano wa ndoa kuwa ya kweli ni mkubwa kuliko uwezekano wa kutokuwa. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hujaza bahasha kwa hofu, wakidhani kila pengo lazima lizibwe kwa karatasi, na bahasha ya namna hiyo ndiyo hutoa shida.

Karatasi zilizozaliwa zenyewe

Tuseme mtu anataka kuthibitisha kwamba alifanya kazi mahali fulani miaka mitatu iliyopita. Anaweza kuleta barua ya rafiki iliyoandikwa juzi, au daftari la mahudhurio ambalo alisaini kila asubuhi. Barua inaweza kuwa ya kweli kabisa. Lakini daftari lina uzito zaidi, kwa kuwa aliyelisaini hakuwa na habari kwamba siku moja litakuwa ushahidi.

Ushahidi wa ndoa uko hivyohivyo. Uko ule uliozaliwa wenyewe wakati mambo yakitokea: muamala wa fedha wa mwezi fulani, tiketi ya ndege, muhuri kwenye pasipoti, meseji ya usiku mliokuwa mmegombana, fomu ya hospitali ambayo mmoja alimwandika mwenzake kama mtu wa kupigiwa simu, au fomu ya bima au ya kazini iliyomtaja mume au mke kuwa mnufaika. Na uko ule ulioandaliwa kwa ajili ya ombi: barua za ndugu, hati za kiapo, albamu iliyopangwa vizuri, akaunti ya pamoja iliyofunguliwa mwezi mmoja kabla ya kutuma fomu.

Aina ya pili si haramu wala si bure. Australia hata ina fomu maalumu, namba 888, kwa ajili ya watu wanaotaka kutoa maelezo kuhusu uhusiano wenu, na Marekani inakubali hati za kiapo za watu wanaowafahamu. Ila kazi ya aina hii ni kueleza na kuunganisha ile ya kwanza. Ikisimama peke yake, afisa anabaki na maneno ya watu wanaowapenda.

Kuhusu akaunti ya pamoja, watu wanaoishi nchi mbili tofauti mara nyingi hawawezi hata kuifungua, na maafisa wanalijua hilo. Kama hamna, msihangaike kuitengeneza. Miamala ya kawaida kati yenu, hata midogo, inayoendana na mahitaji ya miezi hiyo, ina uzito kuliko akaunti mpya iliyowekwa fedha mara moja na kuachwa.

Mstari wa wakati ndio uti wa mgongo

Sasa nichukue mfano wa kubuni, wa watu wawili ambao mambo yao yanafanana na ya wengi. Mke ndiye mwombaji, mume anaishi ng'ambo naye ndiye mdhamini. Walifahamiana mtandaoni Februari 2022. Mume alisafiri kumwona kwa mara ya kwanza Desemba 2022 na kukaa wiki tatu. Aprili 2023 familia mbili zilikutana nyumbani kwa mke, mume akiwa kwenye simu ya video. Agosti 2023 akaja, na ndoa ikasajiliwa tarehe 19. Alikuja tena Juni 2024. Ombi linatumwa Septemba 2024.

Kitu cha kwanza ambacho watu hawa wanapaswa kuandaa ni jedwali la miezi, kabla hata ya kuchagua picha moja. Kuanzia Februari 2022 hadi Septemba 2024 ni miezi 32. Kila mwezi unapata mstari wake, na kila mstari unajibu mambo matatu: kila mmoja alikuwa wapi, nini kilitokea, na karatasi gani inaonyesha hivyo. Karatasi nzima ya jedwali haizidi kurasa mbili. Si lazima kila mstari uwe na ushahidi wake. Jedwali linawafaa ninyi kwanza, kwa sababu linawaonyesha kile ambacho afisa atakiona akisoma bahasha yote kwa mpigo mmoja.

Wakilijaza, watagundua mambo matatu ambayo wasingeyaona vinginevyo.

La kwanza linawasaidia. Mume amekuwa akituma fedha kila mwezi tangu Machi 2023, lakini taarifa ya miamala haina kitu Agosti 2023 wala Juni 2024. Mtu akiisoma taarifa hiyo peke yake ataona mapengo. Ukiiweka kando ya mihuri ya pasipoti, mapengo yanageuka kuwa ushahidi: miezi hiyo mume alikuwa hapo hapo nyumbani, hakuwa na sababu ya kutuma. Meseji nazo zinapungua katika wiki hizohizo. Nyaraka tatu zilizotoka sehemu tatu tofauti, yaani kampuni ya kutuma fedha, idara ya uhamiaji na simu ya mkononi, zinasimulia jambo moja bila kuambiana. Sijui ushahidi wa ndoa wenye nguvu kuliko huo, na hauhitaji maneno ya mapenzi hata kidogo. Inatosha sentensi moja kwenye jedwali inayomwelekeza afisa aone uhusiano huo, kwa sababu hana muda wa kuutafuta mwenyewe.

La pili ni pengo halisi. Simu ya mke iliibiwa Oktoba 2023, na mazungumzo yote ya nyuma yakapotea pamoja nayo. Wengi wakifika hapa hukata tamaa au, vibaya zaidi, hujaribu kuyatengeneza upya. Hakuna haja. Mazungumzo yana watu wawili, na nakala ya upande wa pili bado iko kwenye simu ya mume. Kurasa za kabla ya Oktoba 2023 zitatoka kwake, za baada ya hapo zinaweza kutoka kwa yeyote, na barua yao ya maelezo itasema hivyo waziwazi. Kama kuna taarifa ya polisi au risiti ya simu mpya, inaambatishwa.

La tatu ndilo lingewaangusha. Mama wa mke ameandika barua nzuri inayosema binti yake "aliolewa mwezi Aprili 2023". Fomu inasema Agosti 19, cheti nacho Agosti 19. Kwa mama hakuna kosa: kwake yeye, siku familia zilipokutana ndiyo siku binti alipotoka mikononi mwake. Kwa afisa asiyewajua, kuna tarehe mbili za ndoa moja, na mojawapo inatoka kwa mtu wa karibu kabisa. Kuna tatizo jingine chini yake. Mwezi Aprili mume alikuwepo kwa video tu. Kanada, tangu 2015, haiitambui kwa ajili ya udhamini ndoa ambayo mmoja wa wahusika hakuwepo kimwili wakati inafungwa, iwe kwa mwakilishi, kwa simu au kwa intaneti, na Marekani nayo ina vizuizi vyake kwa ndoa za namna hiyo. Kwa hiyo neno moja la mama linaweza kuondoa ombi kwenye swali la ukweli wa ndoa na kulirudisha kwenye swali la uhalali wake, ambalo lilishakuwa limejibiwa.

Tiba si kumwandikia mama barua nyingine inayosema Agosti kama alivyoambiwa. Mama aandike alichokiona, kwa mpangilio wake: Aprili familia zilikutana nyumbani kwake, walikuwepo fulani na fulani, mkwe alishiriki kwa video, Agosti alihudhuria usajili wa ndoa. Nao wenyewe, katika barua yao, waeleze tofauti ya matukio hayo mawili kwa sentensi mbili. Watu wengi wana zaidi ya tukio moja linaloitwa ndoa, na kinacholeta shida ni matukio hayo kutajwa kwa jina moja katika nyaraka tofauti.

Katika hatua hiyohiyo inafaa kukumbuka nyaraka za zamani ambazo serikali ya nchi husika tayari inazo. Kama mke aliwahi kuomba viza ya matembezi Novemba 2023 na kuandika kwamba hajaolewa, ombi lile halijasahaulika. Kama mume amejaza fomu za kazini akijiandika hana mke mwaka mmoja baada ya harusi, litaonekana likihitajika. Makosa ya namna hii hutokea kwa uzembe tu, lakini yakiachwa bila kuelezwa hayaonekani kama uzembe.

Meseji: chache, zenye tarehe, zenye mwenyewe

Hapa ndipo karatasi nyingi hupotea bure. Mtu anatuma kurasa mia tano za WhatsApp, na ukizitazama kwa macho ya mgeni hazithibitishi hata nani anaongea na nani.

Chukua skrinishoti moja ya kawaida. Juu kabisa kuna jina lililohifadhiwa kwenye simu, labda "Mpenzi" na alama ya moyo. Katikati, penye tarehe, pameandikwa "Leo" au "Jana", kwa sababu picha ilipigwa siku hiyohiyo au siku iliyofuata. Kila meseji ina saa, haina mwaka. Mgeni akiitazama anajua tu kwamba mtu mmoja alizungumza na mtu anayeitwa Mpenzi siku fulani, saa nne usiku. Inaweza kuwa mwaka huu au wa juzi, na Mpenzi anaweza kuwa yeyote.

Dawa yake ni rahisi. Piga skrinishoti za siku zilizopita, ukipandisha mazungumzo mpaka tarehe kamili yenye mwaka ionekane. Ongeza ukurasa mmoja unaoonyesha taarifa za mawasiliano za mwenzako, ambapo namba ya simu inasomeka, kisha hakikisha namba hiyohiyo imeandikwa kwenye fomu ya maombi au kwenye risiti ya kampuni ya simu. Kama mmoja alibadilisha namba katikati, andika tarehe ya mabadiliko kwenye jedwali. Simu za sauti na za video zinaonekana ndani ya mazungumzo yenyewe pamoja na muda zilizochukua, kwa hiyo ukurasa mmoja unaweza kubeba meseji na simu kwa pamoja.

WhatsApp ina pia njia ya kutoa mazungumzo yote kama faili la maandishi, kupitia chaguo linaloitwa `Export chat`. Faili hilo linafaa kwa kutafuta tarehe, maana kila mstari una siku, saa na jina. Tatizo lake ni kwamba ni maandishi matupu na yeyote anaweza kuyabadilisha, kwa hiyo litumieni kama ramani ya kuwaelekeza kwenye kurasa mtakazopiga skrinishoti. Angalieni pia mpangilio wa tarehe: simu moja inaandika siku kwanza, nyingine mwezi kwanza, na 04/08 ikasomwa na mtu mmoja kuwa Agosti na mwingine kuwa Aprili. Kwa wale wawili wa mfano wetu, hilo ni kosa la hatari.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi tunaochati kwa Kiswahili. Marekani na Uingereza zinataka nyaraka zilizo katika lugha nyingine ziambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, yenye uthibitisho wa mtafsiri. Kurasa mia tano za meseji za Kiswahili bila tafsiri zinaweza kuwekwa pembeni kana kwamba hazikuja, na kuzitafsiri zote ni gharama isiyo na faida. Mimi naona kurasa mbili au tatu kwa kila msimu wa uhusiano, zilizotafsiriwa vizuri, zinatosha kabisa watu wengi. Kwa uhusiano wa miezi 32 hapo huenda mkafika kurasa ishirini na tano.

Kurasa zipi? Wengi huchagua maneno matamu, na wengine huona aibu kiasi cha kutotuma chochote. Hamhitaji kutuma mambo ya chumbani, wala picha za faragha. Maneno ya mapenzi yanaweza kuandikwa na yeyote kwa yeyote. Kinachoonyesha ndoa ni mazungumzo ya kuendesha maisha: kodi ya nyumba, homa ya mtoto, nani anamfuata shangazi hospitali, mbona hukupokea simu jana, umeshamjibu mwenye nyumba? Mazungumzo ya namna hiyo yanataja watu, tarehe na mambo yanayoonekana pia kwenye karatasi nyingine. Ukurasa wa siku moja kabla ya safari ya mume, ambapo wanaulizana saa ya ndege kutua, ukikaa karibu na tiketi ya ndege hiyo, una kazi kubwa kuliko kurasa hamsini za "nakukumbuka".

Na kama mawasiliano yenu yalikuwa ya simu tu, bila meseji? Mwaka 2012, mahakama ya juu ya masuala ya uhamiaji ya Uingereza iliamua kesi ya mwombaji kutoka Sudan ambaye ushahidi wake wa mawasiliano ulikuwa kadi za simu, zisizoonyesha namba zilizopigwa. Mahakama ilisema ushahidi kama huo unaweza kuunga mkono maelezo ya wanandoa, na kwamba pasipo jambo jingine la kutia shaka unaweza kutosha. Ilisema pia kwamba sheria haidai wanandoa walete ushahidi wa aina fulani maalumu wa mapenzi yao kabla ya viza kutolewa. Naukumbuka uamuzi huu kila ninaposikia mtu akiambiwa ombi lake halina maana kwa sababu hana WhatsApp ya miaka mitatu.

Familia: nani aliona nini

Maafisa huuliza habari za familia kwa sababu moja ya msingi. Ndoa ya karatasi hupenda kufichwa, na ndoa ya kweli ni vigumu kuificha. Watu wakioana kwa dhati, kwa kawaida kuna ndugu, majirani au wafanyakazi wenzao wanaojua. Kwa hiyo swali lao ni kama maisha ya watu wengine yameguswa na ndoa hii. Ukubwa wa sherehe si hoja yao.

Barua ya ndugu inayosaidia ina mambo machache: mwandishi ni nani na ana uhusiano gani na wanandoa, amemwona mwenza wa pili lini na wapi, na kitu alichokishuhudia mwenyewe. Inasainiwa, ina tarehe, na ina nakala ya kitambulisho chake. "Ni watu wanaopendana sana na wanaheshimiana" haisaidii, kwa sababu inaweza kuandikwa kuhusu wanandoa wowote. "Juni 2024 shemeji alilala kwetu siku nne, akanisindikiza kliniki mara mbili" inasaidia, kwa kuwa inaweza kulinganishwa na pasipoti. Na msiandike barua moja mkaigawa kwa watu watano wasaini. Sentensi zikifanana, na kosa la tahajia likajirudia katika barua tatu, afisa anaona mkono mmoja, na hapo hata ile moja ya kweli inapoteza thamani.

Picha nazo hazihitaji kuwa nyingi. Picha themanini za siku ya harusi zinathibitisha siku moja. Bora kumi na tano zilizotawanyika katika ziara zote, zenye watu wengine ndani, kila moja ikiwa na maelezo mafupi chini: tarehe, mahali, majina ya waliomo na uhusiano wao na ninyi. Picha ya kwanza mume alipoonana na wakwe ina thamani hata kama imepigwa vibaya. Mkiweza, tumieni faili halisi lililotoka kwenye simu iliyopiga, kwa sababu picha ikishapitia WhatsApp hupoteza taarifa zake za ndani za siku na mahali. Katika simu nyingi za Android jina la faili lililopokelewa hubaki na tarehe, mfano `IMG-20230819-WA0004.jpg`, lakini hiyo ni tarehe ya kutumwa, si lazima iwe ya kupigwa. Picha ya Agosti 19 iliyotumwa tena Septemba itabeba jina la Septemba, na mtu asiyejua anaweza kudhani mmedanganya.

Itakuwaje kama familia haikukubali ndoa? Hutokea, na si sababu ya kunyimwa viza. Linalodhuru ni kunyamaza, au kukodi watu wa kukaa kwenye picha. Semeni ukweli kwa ufupi: nani hakukubali, kwa nini kwa jinsi mnavyojua, na ni akina nani basi wanaoujua uhusiano wenu. Rafiki wa miaka mingi, mwajiri au mwenye nyumba anaweza kuandika alichokiona.

Vivyo hivyo kwa mambo mengine yanayoamsha shaka: uchumba mfupi, tofauti kubwa ya umri, kutokuwa na lugha moja mnayoielewa vizuri, mdhamini aliyewahi kumdhamini mwenza mwingine, au ndoa iliyofuata muda mfupi baada ya mmoja kunyimwa viza ya aina nyingine. Hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha kwamba ndoa ni ya uongo. Yanamfanya afisa aulize swali mahususi, na ushahidi wenu uelekezwe kwenye swali hilo. Mkiwa na tofauti ya miaka ishirini na mitano, ukurasa unaoeleza mlivyofahamiana na ndugu walivyopokea habari ile una kazi kuliko picha za ziada. Kama mnawasiliana kwa lugha ambayo mmoja wenu anajifunza, onyesheni jinsi mnavyoelewana, na msichague meseji zilizoandikwa na mtu mwingine kwa ufasaha usiokuwa wake.

Pia si kweli kwamba mwombaji akionekana kutamani kuishi katika nchi ile amejiharibia. Uingereza iliwahi kuwa na kanuni iliyomtaka mwombaji aonyeshe kuwa lengo kuu la ndoa si kuingia nchini, na ilifutwa mwaka 1997. Kanada bado inaangalia lengo kuu, lakini lengo kuu si lengo pekee. Kutaka kuishi na mumeo alipo ni sehemu ya ndoa yenyewe.

Mahojiano, na jibu likiwa hapana

Kwa Marekani, mwombaji aliye nje ya nchi huitwa ubalozini kuhojiwa. Nchi nyingine huita pale zinapokuwa na maswali. Maswali mengi ni ya kawaida: mlifahamianaje, nani alikuwepo siku ya ndoa, mwenzako anafanya kazi zamu gani, wifi zako ni wangapi, mara ya mwisho mliongea nini. Katika baadhi ya kesi mume na mke huhojiwa kila mmoja chumba chake, kisha majibu yakalinganishwa. Tofauti ndogo hazitishi, kwani hata waliokaa pamoja miaka thelathini hawakumbuki mambo sawa. Wanaoanguka mara nyingi ni waliokariri majibu, na wale wanaokisia. Kama hujui mshahara wa mwenzako, sema hujui na ueleze kwa nini hamjawahi kuulizana. Ukikisia, na kisha hati ya mshahara iliyomo kwenye faili ikasema vingine, umetengeneza mgongano ambao haukuwepo. Someni tena jedwali lenu na fomu mliyojaza kabla ya siku hiyo, kwa sababu pengine imepita miezi tangu muitume.

Ombi likikataliwa, soma barua ya kukataliwa sentensi kwa sentensi kabla ya kufanya lolote. Mara nyingi inataja tarehe, karatasi au jibu lililomtia afisa shaka, na mpango wenu uanzie hapo. Kutuma tena bahasha ileile ikiwa nene zaidi huleta jibu lilelile. Angalieni pia muda wa kukata rufaa, kwa kuwa ni mfupi: kwa mwombaji wa viza hii ya Uingereza aliye nje ni siku 28 tangu kupokea uamuzi, na kwa Kanada mdhamini ana siku 30. Tofautisheni vilevile kukataliwa kwa sababu ushahidi haukutosha na kukataliwa kwa sababu ya udanganyifu. La kwanza linarekebishika kwa ombi jipya au rufaa. La pili ni zito: Kanada inaweza kumfungia aliyetoa taarifa za uongo kwa miaka 5, na Marekani ikishathibitisha kwamba mtu aliingia ndoa ya hila kwa ajili ya uhamiaji, haitaidhinisha tena ombi la kumdhamini, hata akioa au kuolewa baadaye kwa dhati na mtu mwingine. Barua ikitaja udanganyifu, tafuteni wakili wa uhamiaji mwenye leseni siku hiyohiyo, si dalali.

Na kama ni upungufu wa ushahidi tu, msisimame kuishi mkisubiri. Endeleeni kuzungumza, na mwenye uwezo wa kusafiri asafiri. Mahakama ileile ya Uingereza, mwaka 2012 huohuo, ilikubali kwamba ziara ya mdhamini kwa mwenza wake, hata ikifanyika baada ya viza kukataliwa, inaweza kutumika kwenye rufaa kuonyesha kwamba ndoa ilikuwa hai. Kwa hiyo tunzeni tiketi za safari hiyo pia, na mihuri yake, na ongezeni mstari wake kwenye jedwali.